KIATU, KANGA, UMOJA: uchambuzi wa pointi 71 za zamu moja

Kisa hiki kilitokea katika zamu ya nne ya mchezo wa Scrabble, wakati ubao ukiwa na maneno matatu tu, na ubishi uliozuka ulichukua muda mrefu kuliko zamu zote tatu zilizotangulia. Wachezaji walikuwa wawili, nami nilikuwa mwandishi wa pointi. Mchezaji wa pili aliweka vigae vyake vitano, akahesabu kwa sauti, akatangaza 86. Mpinzani wake alihesabu upya akapata 66. Nilipopiga hesabu yangu nikapata 71, na hakuna kati yao aliyeridhika mpaka tulipoichambua zamu ile neno kwa neno na kisanduku kwa kisanduku. Naiandika hapa kwa ukamilifu kwa sababu ndani ya vigae vitano vile zilikutana karibu kanuni zote zinazowachanganya watu pale zamu moja inapounda maneno kadhaa.

Kwanza tuuone ubao. Tulikuwa tunacheza kwa maneno ya Kiswahili tukitumia seti ya vigae vya Kiingereza, ambayo ndiyo iliyokuwepo. Katika seti hiyo kila vokali ina pointi 1, na vivyo hivyo L, N na T. G ina 2, M ina 3, K ina 5 na J ina 8. Thamani hizi zilipangwa na Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu katika miaka ya 1930, baada ya kuhesabu jinsi kila herufi inavyojitokeza katika kurasa za gazeti la Kiingereza. Ndiyo maana K, ambayo kwa Kiswahili tunaikuta karibu katika kila sentensi, imepewa pointi 5 na ina kigae kimoja tu katika vigae vyote 100. Jambo hilo litakuwa na uzito mkubwa baadaye.

Safu za ubao zinaitwa kwa herufi kuanzia A hadi O, na mistari inaitwa kwa namba kuanzia 1 hadi 15, kwa hiyo kisanduku cha katikati, chenye nyota, ni H8. Mchezaji wa kwanza alifungua kwa ALAMA, kuanzia H8 hadi L8. Nyota ni kisanduku cha neno mara mbili, na L8 ni cha herufi mara mbili, kwa hiyo alipata 16. Mchezaji wa pili akashusha ANGA wima, kuanzia H5, akitumia A ya kwanza ya ALAMA kuwa herufi ya mwisho, akapata 5. Mchezaji wa kwanza akajibu kwa MOJA, wima vilevile, kuanzia L5, akitumia A ya mwisho ya ALAMA, akapata 13. Hapo ubao ukawa na umbo la sanduku lisilo na kifuniko. Mchezaji wa pili akaweka KIATU juu yake, kuanzia H4 hadi L4, na sanduku likafungwa:

```
     H  I  J  K  L
4    K  I  A  T  U
5    A  .  .  .  M
6    N  .  .  .  O
7    G  .  .  .  J
8    A  L  A  M  A
```

Katika mstari wa 4, visanduku viwili kati ya vitano alivyovifunika vina rangi. H4 ni cha herufi mara mbili, na hapo ilikaa K. L4 ni cha neno mara mbili, na hapo ilikaa U. I4, J4 na K4 ni visanduku vya kawaida visivyoongeza kitu. Ubao haukutoa zaidi ya hayo mawili katika zamu hii, na ubishi wote ulitokana na jinsi hayo mawili yanavyosambaa katika maneno.

Swali la kwanza la mwandishi wa pointi ni maneno gani yahesabiwe. Kanuni ni kwamba neno linahesabiwa katika zamu iwapo limeundwa au kubadilishwa na angalau kigae kimoja kilichowekwa katika zamu hiyo. KIATU ni neno kuu, kwa kuwa ndilo lililowekwa katika mstari. K yake imegusa ANGA kwa juu ikazaa KANGA, na U yake imegusa MOJA kwa juu ikazaa UMOJA. Hayo ni maneno matatu. ALAMA, iliyo chini, haihesabiwi hata kama sasa imeunganishwa na maneno mapya pande zote mbili, kwa kuwa hakuna kigae kipya kilichoingia ndani yake. Hili linaonekana wazi likisemwa, lakini umbo la sanduku lililofungwa linavuta jicho kuona maneno manne, na mtazamaji mmoja aliyekuwa karibu nasi aliuliza kwa dhati kwa nini ALAMA imeachwa.

Mara maneno yanapojulikana, kila moja linahesabiwa peke yake kana kwamba mengine hayapo, kisha matokeo yanajumlishwa. Ndani ya neno moja, herufi huzidishwa kwanza, herufi zote zikajumlishwa, halafu ndipo neno lizidishwe. Kigae kilichokaa sehemu ambapo maneno mawili yanakutana kinahesabiwa katika maneno yote mawili, na kisanduku chenye rangi kilicho chini yake kinafanya kazi katika yote mawili vilevile. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyompotosha mchezaji wa kwanza, na tutairudia.

Tuanze na KIATU. K ni 5, lakini imekaa juu ya H4, kwa hiyo ni 10. I, A, T na U ni 1 kila moja, jumla 4. Neno zima ni 14. Kwa kuwa U imekaa juu ya L4, neno linazidishwa mara mbili, likawa 28.

KANGA inaanza na K ileile, iliyo juu ya kisanduku kilekile cha H4, kwa hiyo hapa nako ni 10. A ni 1, N ni 1, G ni 2, na A ya mwisho ni 1. Jumla ni 15. Je, kuna cha kulizidisha neno zima? L4 haimo katika KANGA, kwa kuwa U haimo katika KANGA. Nyota ya H8 imo, chini ya A ya mwisho, lakini A hiyo iliwekwa katika zamu ya kwanza, na nyota ilishalipa hapo. Kisanduku chenye rangi hulipa katika zamu ambayo kigae kimewekwa juu yake tu. Zamu zinazofuata kinakuwa sawa na kisanduku kingine chochote. KANGA inabaki 15.

UMOJA ina U 1, M 3, O 1, J 8 na A 1, jumla 14. U ni kigae kipya na kimekaa juu ya kisanduku cha neno mara mbili, kwa hiyo neno hili nalo linazidishwa: 28. A ya mwisho iko juu ya L8, kisanduku cha herufi mara mbili, lakini nacho kilishatumika siku nyingi, tangu ALAMA ilipowekwa. Hakiongezi kitu.

28 na 15 na 28 ni 71.

Sasa turudi kwa mchezaji wa pili na 86 yake. Alipoulizwa, alieleza vizuri sana: KIATU 28, UMOJA 28, na KANGA 30 kwa sababu inapita kwenye nyota. Alikuwa amehesabu kila kitu sawasawa isipokuwa kwamba aliifufua nyota. Ninaelewa jinsi kosa hilo linavyokuja. Vigae havifichi ubao kabisa. Ukitazama kwa pembeni unaiona rangi ikichungulia kati ya kigae na kigae, na mtu anayefuata neno kwa kidole kutoka juu kwenda chini anaisoma ile rangi kama ahadi iliyo hai. Tiba yake ni rahisi. Kabla ya kuhesabu, mchezaji aangalie vile vigae vitano alivyotoa mkononi tu, na ataje visanduku vilivyo chini yake. Hapa angetaja H4 na L4, na asingekuwa na ruhusa ya kutaja kingine.

Kilichoifanya 86 iwe na nguvu ni yule mtazamaji. Naye alihesabu, kwa njia yake, akapata 86 ileile, na mchezaji wa pili akaona kwamba sasa ana shahidi. Lakini mtazamaji hakuitazama nyota kabisa. Yeye alijumlisha maneno yote matatu kwanza, 14 na 15 na 14, akapata 43, kisha akazidisha mara mbili kwa sababu ya L4. Alidhani kisanduku cha neno mara mbili kinazidisha zamu nzima. Hakifanyi hivyo. Kinazidisha maneno yanayopita ndani yake tu, na KANGA haipiti ndani ya L4. Watu wawili wenye makosa mawili yasiyofanana walifika kwenye namba moja, kwa sababu makosa yote mawili yalikuwa na matokeo yaleyale: kuizidisha KANGA mara mbili bila haki. Tofauti kati ya 86 na 71 ni 15, na 15 ndiyo KANGA yenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kulinganisha jumla mbili si uhakiki. Jumla mbili zikilingana, bado hujui kama zimetoka mahali pamoja. Tangu siku ile, penye zamu ya maneno mengi, siandiki namba moja. Naandika kila neno na pointi zake pembeni, na mchezaji akitangaza jumla tupu namwomba aigawe.

Namba 66 ya mchezaji wa kwanza ilikuwa na kisa chake. Alisema KIATU 28, KANGA 10, UMOJA 28. Aliitambua nyota kuwa imekwisha, na aliizidisha UMOJA, jambo ambalo wengi hulisahau. Ila katika KANGA aliihesabu K kuwa 5, si 10. Hoja yake ilikuwa kwamba kisanduku cha H4 kimeshalipa katika KIATU, na kisanduku hakilipi mara mbili. Hoja hiyo ina mantiki, na inatokana na kanuni ya kweli, kwamba kisanduku kinalipa katika zamu moja tu. Lakini zamu moja si neno moja. KIATU na KANGA zimeundwa katika zamu ileile, kwa kigae kilekile, na H4 inalipa katika yote mawili kwa wakati mmoja. Alikuwa tayari kuikubali L4 izidishe KIATU na UMOJA, na nilipomwonyesha kwamba H4 inafanya kwa herufi jambo lilelile ambalo L4 inafanya kwa maneno, alinyamaza kidogo, akaifuta 10 yake akaandika 15.

Nitaongeza kitu ambacho hakikutokea siku ile ila kingeweza kutokea. Mtu mwingine angeweza kupata 66 bila kuigusa KANGA. Angeizidisha KIATU kabla ya kuizidisha K: neno tupu ni 9, mara mbili ni 18, halafu aongeze 5 za K ya ziada, apate 23 badala ya 28. Ukiweka KANGA 15 na UMOJA 28, jumla ni 66. Upungufu ni 5 katika hali zote mbili, kwa hiyo namba ya mwisho haisemi lolote kuhusu mahali kosa lilipo. Herufi kwanza, neno baadaye: utaratibu huo una maana kwa sababu ile ziada ya herufi nayo inapaswa kuingia ndani ya neno kabla neno halijazidishwa.

Baada ya ubishi kupoa, mchezaji wa pili aliniomba njia nyingine ya kuhakiki isiyopita katika maneno, kwa kuwa alikuwa bado na shaka. Njia ipo, nami naipenda kwa sababu inaonyesha pointi zimetoka wapi hasa. Unachukua kigae kimoja kimoja na kuuliza kimehesabiwa mara ngapi katika zamu nzima. K ilihesabiwa katika KIATU ikiwa imezidishwa na herufi na neno, yaani mara nne, na katika KANGA ikiwa imezidishwa na herufi tu, yaani mara mbili. Hizo ni mara sita, na mara sita tano ni 30. I, A na T za KIATU zimezidishwa na neno tu, kwa hiyo ni 2 kila moja, jumla 6. U imo katika maneno mawili yaliyozidishwa, kwa hiyo ni 4. Vigae vya zamani vya ANGA vinaingia kwa thamani yake tupu, 5. Vigae vya zamani vya MOJA vina thamani ya 13, navyo vimezidishwa na neno, kwa hiyo ni 26. 30 na 6 na 4 na 5 na 26 ni 71.

Tazama hesabu hiyo kwa makini, maana inasema mambo mawili ambayo hesabu ya neno kwa neno inayaficha. La kwanza ni kwamba K pekee ilileta 30, karibu nusu ya zamu. La pili ni kwamba 26 zimetokana na vigae vya MOJA ambavyo mpinzani ndiye aliyeviweka, vyote isipokuwa A, katika zamu iliyomlipa 13 tu. J yake ya pointi 8 ililala chini ya kisanduku cha neno mara mbili kilichokuwa wazi, na neno MOJA linapokea U kwa mbele bila shida yoyote. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi la mchezo ule kuliko kosa lolote la hesabu. Kwa Kiswahili maneno hukua kwa mbele kuliko kwa nyuma: MOJA inakuwa UMOJA, ANGA inakuwa KANGA au PANGA, kwa hiyo kisanduku kilicho juu ya herufi ya kwanza ya neno la wima ndicho cha kulinda.

Njia hiyo ya kigae kwa kigae inajibu pia swali la kigae kitupu. Kigae kitupu husimama badala ya herufi yoyote, lakini thamani yake ni 0, na 0 ikizidishwa inabaki 0. Kama mchezaji wa pili angekosa K halisi, ambayo ni moja tu katika seti, na kutumia kigae kitupu mahali pake, KIATU ingekuwa 4 mara mbili, yaani 8, KANGA ingekuwa 5, UMOJA ingebaki 28, na zamu ingekuwa 41. Hasara ni 30 zote za K. Lakini kama kigae kitupu kingekuwa U, KIATU ingekuwa 13 mara mbili, yaani 26, UMOJA nayo 26, KANGA 15, jumla 67. Hasara ni 4 tu. Wengine hudhani kigae kitupu kikikaa juu ya kisanduku cha neno mara mbili, kisanduku hicho hufa. Sivyo. Kigae hakina pointi zake mwenyewe, ila kisanduku bado kinayazidisha maneno yanayopita ndani yake.

Kuhusu zile pointi 50 za mchezaji anayemaliza vigae vyote saba kwa zamu moja, hapa hazikuhusika, kwa kuwa vigae vilikuwa vitano. Zingehusika, zingeongezwa mwishoni kabisa, baada ya maneno yote kuzidishwa na kujumlishwa, na kisanduku chochote kisingezigusa.

Limebaki jambo moja linalotangulia hesabu yote, nalo ni kukubalika kwa maneno. Katika zamu ya maneno matatu, yote matatu ni lazima yawe halali katika kamusi ambayo wachezaji wameafikiana. Moja likipingwa na kukataliwa, mchezaji haondoi pointi za neno hilo tu akabaki na mengine. Vigae vyote vinarudi mkononi na zamu inakuwa 0. Mchezaji wa kwanza alitafakari kidogo kama apinge, akaamua kwamba kiatu, kanga na umoja hayana la kupingwa, naye alikuwa sahihi.

Nikaandika 71, na pembeni yake 28, 15, 28. Mchezaji wa pili sasa alikuwa na 76 dhidi ya 29. Mchezaji wa kwanza akatazama vigae vyake, akaweka N na I mwishoni mwa KIATU, katika M4 na N4, ambavyo ni visanduku vya kawaida, akaunda KIATUNI. Kabla hajatangaza alikipitisha kidole chake juu ya vigae viwili vipya tu, akaona havina rangi chini yake, akaiacha H4 na L4 bila kuzitazama. Akasema 11, na hakuna aliyehesabu upya.